Sura ya Saa ya Marehemu Yasuji

Egawa ana macho, hilo simnyimi. Kwa siku moja anapitisha picha za mikoba, viatu, pochi na saa kutoka kila pembe ya nchi, na mara nyingi kabla hujamaliza kumimina chai yako ameshapata jibu. Mimi nakaa meza ya nyuma, penye taa na kioo cha kukuzia, nikingoja vile vitu ambavyo picha zimeshindwa kuvitolea jibu. Yeye huniita bibi wa mochwari, kwa kuwa mimi ndiye ninayefungua matumbo. Mimi humwita mpiga ramli. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi hapa Tenma, Osaka, ghorofa ya tatu juu ya duka la tambi nene za udon, na hatujawahi kugombania kitu kikubwa kuliko nani amemaliza chai ya shayiri kwenye friji.

Kazi yetu ni moja tu: watu hutuuliza kama kitu chao ni halisi au ni feki, nasi tunajibu. Hatununui wala hatuuzi. Na neno feki lenyewe hatulitamki mbele ya mteja, maana huo ni utovu wa adabu. Tunamwandikia kwamba kitu chake "hakikutimiza vigezo vyetu", tunainama, yamekwisha. Kila mtu Osaka anajua maana yake. Nimeona mwanaume mzima akiisoma barua hiyo ya mstari mmoja na kukaa chini sakafuni.

Asubuhi ile Egawa alikuwa ameshaianza barua ya namna hiyo aliponiita.

"Dada Sumie, hebu njoo uone kabla sijaituma. Sitaki uje useme baadaye kwamba nilikuficha."

Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa na picha za saa ya mkono, ya mwanaume, ya kujazwa kwa mkono, iliyotengenezwa na kiwanda cha Kirishio kule Nagano. Picha zilikuwa nzuri. Aliyezipiga alisogea dirishani, hakutumia mwanga wa simu, na alipiga mbele, nyuma, ubavuni na kwenye kifungo cha mkanda, kama maelekezo yetu yanavyotaka.

"Tazama namba ya nyuma," Egawa alisema. "Hii imetoka kiwandani mwezi wa pili mwaka 1971. Sasa tazama sura. Jina la kiwanda lilivyoandikwa, hiyo herufi ya kwanza yenye mkia mfupi. Mkia mfupi walianza lini?"

"Miaka ya themanini."

"Haya. Mwili wa sabini na moja, uso wa themanini. Tena uso msafi, hauna hata doa, na kioo chake kimechubuka kila mahali. Mtu ameokota mwili huku na uso kule akaunganisha. Nimeshaziona nyingi. Hazitimizi vigezo."

Macho yake hayakumdanganya. Kila alichokitaja kilikuwepo. Lakini mimi nina ubishi wangu, na siku hiyo ulikuwa umeamka mapema.

"Mteja amesema nini?" nikamuuliza.

"Wateja husema mengi."

"Nisomee."

Akashusha ukurasa. Mteja aliitwa Nishiwaki Toyoko, wa Higashi-Osaka, upande ule wa karakana. Alikuwa ameandika maneno machache, ila hayakuwa ya mtu anayetafuta bei. Saa ilikuwa ya mumewe, Yasuji, aliyefariki mwaka uliopita. Kwenye kisomo cha kumaliza mwaka, shemeji yake alisema mbele ya ndugu wote, pombe ya sake ikiwa imemkolea, kwamba saa hiyo si ile aliyompa mdogo wake siku ya harusi. Kwamba Yasuji aliiweka rehani ya kweli ikapotea, akanunua ya kuigiza, akaivaa mpaka kufa kwake akimdanganya kila mtu, mkewe akiwa wa kwanza. Mama Nishiwaki alimalizia hivi: "Siiuzi. Nataka tu kujua kama mume wangu alinidanganya."

Niliisoma tena mwenyewe. Halafu nikamwambia Egawa aifute ile barua.

"Dada, tusiingize huruma kwenye kazi."

"Sijaingiza huruma. Nakuuliza swali la kazi. Yule mkoba wa jana wenye nembo iliyokosewa herufi, uliukataa kwa picha. Nilisema kitu?"

"Hukusema."

"Kwa sababu hakuna mtu mwaminifu duniani anayeweza kuieleza nembo ile. Na saa ya plastiki ya yule mwanafunzi uliipitisha kwa picha. Nilisema kitu?"

"Ulisema hata mwizi angeirudisha."

"Nilisema hakuna anayejisumbua kuiiga, na kila kinachohitajika kiko nje kinaonekana. Sasa hii. Uso mpya kwenye mwili wa zamani. Kuna maelezo ya mtu mwaminifu au hakuna?"

Egawa alikuna sikio. "Kiwanda chenyewe kinaweza kubadilisha sura wakati wa matengenezo. Lakini ni mara chache. Moja kwa kumi."

"Basi hiyo moja ndiyo inayoiita saa mezani kwangu. Picha inaweza kukuonyesha kwamba uso na mwili havikuzaliwa siku moja. Haiwezi kukuambia nani aliviozesha."

"Tukiita kila chenye moja kwa kumi, meza yako itavunjika miguu."

Hapo alisema kweli, na nilimwambia hivyo. Picha zinatuokoa. Vitu vingi havistahili kusafirishwa, kufunguliwa na kumsumbua mtu, na mteja anayengoja wiki nzima kwa jibu ambalo lingepatikana kwa dakika chache ana haki ya kukasirika. Lakini hapa jibu baya lingemwangukia mtu aliyekufa, na marehemu hawezi kutuandikia barua ya kulalamika. Egawa alifuta. Akaandika nyingine ya kumwomba mama Nishiwaki atuletee saa mkononi, na kwa kuwa ana kiburi chake akaongeza chini: kwa ushauri wa bibi Hatanaka. Hatanaka ni mimi. Alitaka ijulikane nani wa kulaumiwa.

*

Walikuja wawili. Mama Nishiwaki alikuwa mfupi, nywele nyeupe zimekatwa vizuri, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja mzee mrefu, mkavu, amevaa kofia ya besiboli, na mkononi ana boksi la keki za maharage. Aliliweka mezani kwetu kabla hata ya kusalimia.

"Mimi Kenkichi, kaka wa marehemu," alisema. "Saa nilinunua mimi. Nimekuja kuhakikisha hamumdanganyi shemeji yangu kwa kumwonea huruma."

"Shemeji, umeanza," alisema mama Nishiwaki.

"Sijaanza. Nimejitambulisha."

Nilipenda mara moja jinsi walivyokuwa wakibishana. Ni watu waliokula meza moja miaka hamsini. Ila mama alipoifungua leso na kunipa saa, mkono wake ulichelewa kuiachia, na nikajua utani ule wote ni kifuniko tu.

"Mzee, ile uliyonunua ilikuwaje?" nikamuuliza Kenkichi.

"Sura yake ilikuwa ya rangi ya fedha. Hii ni ya maziwa. Nilimnunulia mwaka wa harusi, sabini na moja, kwa bonasi yangu ya kwanza. Halafu mwaka 1986, mtoto wao akiwa amelazwa, Yasuji akawa hana saa mkononi. Miezi miwili. Kila nikimuuliza, 'iko kazini.' Ikarudi na uso mwingine. Mimi si mjinga, bibi. Hospitali ilikuwa inawala. Angekuja kwangu ningempa. Badala yake akaipeleka zawadi yangu rehani." Alivua kofia akaitazama. "Kuwa na shida si aibu. Kunidanganya ndiko kumeniuma."

Mama Nishiwaki alikuwa akiangalia dirishani. "Hospitali tulilipiwa na bima ya karakana alikofanya kazi," alisema taratibu. "Nimemwambia mara mia."

"Bima hailipi kila kitu."

"Na kama aliiweka rehani, basi alinificha mimi miaka zaidi ya thelathini. Tulikuwa hatufichani, bibi Hatanaka. Mimi ndivyo nilivyojua."

Niliichukua saa. Kitu cha kwanza ni uzito, na uzito ulikuwa sawa. Saa ya kuigiza ya enzi zile huwa nyepesi kuliko macho yanavyotarajia. Nikaijaza, nikaisikiliza, nikaiweka kwenye kipima mwendo: ilikuwa inachelewa kama saa yoyote isiyotiwa mafuta siku nyingi, lakini pigo lake lilikuwa safi. Mambo hayo hayako kwenye picha hata upige elfu. Nikaomba ruhusa yao, nikaondoa mkanda, nikafungua kifuniko cha nyuma.

Egawa alikuja kusimama begani kwangu. Sikumfukuza.

Mashine ilikuwa ya Kirishio, namba yake ya aina ikiendana na mwili, skrubu zote ni zake. Ndani ya kifuniko palikuwa na madoa ya kutu ya zamani, yamesafishwa lakini yameacha ramani yake, na kando yake mwaruzo mwembamba wa sindano: mwezi wa nne, mwaka wa sitini na moja wa enzi ya Showa. Hiyo ndiyo 1986. Mafundi wa saa ndivyo tulivyo, tukifungua tunaacha alama kwa ajili ya atakayefungua baada yetu.

"Haya basi," Egawa alininong'oneza. "Ilitengenezwa mwaka ule ule. Ipitishe."

"Mwaruzo hauna sahihi. Hata fundi wa kichochoroni ana sindano."

Nikaitoa mashine nje ya mwili wake. Ukingo wa sura, ule unaofichwa na pete ya ndani ambako kamera haifiki, huwa na namba ndogo sana zilizopigwa chini kabisa. Namba zilikuwepo, za aina inayostahili, lakini mwishoni palikuwa na herufi moja ya ziada ambayo sikuwahi kuiona. Wino wake ulikuwa mzuri na upigaji ulikuwa wa kiwanda. Nilijua moyoni. Lakini kujua moyoni si ripoti.

Nikainua kichwa. "Mama, mzee, nitawaambia nilichokiona na nisichokijua. Mwili ni halisi. Mashine ni halisi. Sura naiamini, lakini sijui ilifikaje humo, na hilo haliko kwenye uwezo wangu wala wa mtu yeyote Osaka. Iliingia maji mengi wakati fulani, ikafunguliwa mwaka 1986. Kiwanda ndicho kinachoweza kusema kama sura hii ni yao na kama waliiweka wao."

"Si ungeandika tu ni nzuri," mama Nishiwaki alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupata nguvu.

"Ningeandika 'nadhani ni nzuri'. Na shemeji yako angeing'ang'ania hiyo 'nadhani' mpaka kisomo cha miaka saba."

Kenkichi alicheka kwa mara ya kwanza. "Huyu bibi ananijua."

*

Egawa aliniuliza kitu cha maana walipoondoka. Kama mwisho wake ni kiwanda, kwa nini hatukuituma moja kwa moja, tukaokoa muda?

Nikamwambia kiwanda ni mafundi, na fundi ukimpa saa anatengeneza. Wangeipokea kama mgonjwa yeyote: wanang'arisha mwili, wanabadilisha kioo, wanatupa mishale iliyofifia, na kama sura hawaipendi wanatoa wanaweka nyingine. Ingerudi imependeza, na ushahidi wote uko kwenye pipa lao la takataka. Tena hawajibu swali la "je, hii ni ya kweli?" kutoka kwa watu kama sisi. Wanampokea mwenye mali anayeomba huduma, na wanajibu swali lililo wazi. Ili uulize swali lililo wazi, lazima kwanza ufungue.

"Basi niachie mimi niliandike," alisema.

Akaliandika, na hapo alinizidi. Mimi ningejaza kurasa. Yeye aliweka picha moja ya ukingo wa sura aliyoipiga kupitia kioo changu cha kukuzia, akauliza mawili tu: herufi hii ya mwisho ni ya nini, na je, sura zenye herufi hii ziliwahi kuuzwa nje ya karakana zenu? Hakuuliza kama saa yenye namba ile iliwahi kupita kwao, maana mwigaji yeyote anaweza kunakili namba ya saa ya kweli, na kiwanda kingeithibitisha namba bila kuithibitisha saa. Juu kabisa, kwa herufi nene, akaandika: msing'arishe, msibadilishe kitu, mkitoa chochote kirudisheni. Mama Nishiwaki alitia muhuri wake kama mwenye mali. Saa ikaenda Nagano ndani ya boksi lenye pamba za kutosha kulaza paka.

Nakiri nilikuwa na wasiwasi. Kama kiwanda kingesema herufi ile si yao, ningekuwa nimemrefushia yule mama uchungu kwa ubishi wangu, halafu barua ya Egawa ya mstari mmoja ingekuwa ndiyo huruma. Egawa aliliona hilo, na kwa siku zote tulizongoja hakunitania hata kidogo. Alikuwa akininunulia udon yenye tofu ya kukaanga, akiniwekea mezani bila neno. Kwa Egawa hayo ni maneno mengi.

Simu kutoka Nagano ilipigwa asubuhi. Fundi mwenyewe aliongea, sauti ya mtu mtaratibu. Herufi ile ni ya sura za akiba, alisema. Zilichapwa kuanzia miaka ya themanini kwa ajili ya karakana zao tu, kuchukua nafasi ya zile zilizoharibika, na rangi ya fedha ilikuwa imekwisha ndiyo maana waliweka ya maziwa. Hazikuwahi kwenda dukani. Na ule mwaruzo wa ndani umeandikwa kwa mpangilio wao wa wakati ule, siku haiandikwi, ni mwezi na mwaka tu. Hakuna chochote ndani kilichotoka nje ya mikono yao.

"Na mmeing'arisha?" nikauliza.

"Bibi, mmeandika kwa herufi nene kiasi kwamba hata sakafu hatukuing'arisha siku hiyo."

Nilipokata simu, Egawa alikuwa ameshasimama. Aliinama mbele yangu, nusu ya utani na nusu ya kweli. "Bibi wa mochwari," alisema, "maiti yako imeamka."

*

Saa ilipotufikia tena, walirudi pamoja, lakini mzee Kenkichi alipoona foleni ya takoyaki, vile vitumbua vya pweza, pale kona akasema wasomewe hukumu wenye njaa kidogo, yeye anakuja. Nadhani aliogopa. Mama Nishiwaki akapanda peke yake, nami sikuona sababu ya kumngojesha.

"Ni halisi," nilimwambia kabla hajakaa. "Ni ile ile. Haikuwekwa rehani, haikuigizwa. Ilikuwa kiwandani Nagano majira yale, wakaibadilisha sura."

Alikaa. Alishika ukingo wa meza. Kisha akauliza kwa nini walibadilisha.

"Maji. Iliingia maji mengi kwa mara moja. Si jasho, si mvua. Kama ya mtu aliyeanguka mtoni, au aliyeogelea nayo."

"Yasuji hakuogelea. Alikuwa anaogopa hata beseni la bafu la umma likijaa sana." Alicheka kidogo. "Na kazini alikuwa anaivua, kwa sababu ya mashine za kubana chuma. Aliiweka mfukoni kifuani, kwenye jaketi la kazi, akasahau kuirudisha mkononi mpaka..."

Nilimwona akienda mbali, zaidi ya dirisha na zaidi ya barabara.

"Nilikuwa nafua," alisema. "Mtoto alikuwa hospitalini, mimi nalala huko, narudi nyumbani asubuhi nafua kila kitu kwa pamoja, sikagui mifuko. Siku moja nikamkuta Yasuji amesimama mbele ya mashine ya kufulia, mkono umezama mpaka kiwiko, anapapasa. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema, kifungo. Nikamwambia kifungo kimoja ndiyo kikulowanishe shati zima? Akasema kipo, amekipata, nisijali, niende nikalale."

Egawa alikuwa amegeukia kompyuta yake na kuanza kuandika kitu. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Kwa hiyo ni mimi," mama Nishiwaki alisema. "Niliifua."

Nilimsogezea chai.

Mlango ukafunguliwa, mzee Kenkichi akaingia na takoyaki zinazofuka moshi, akatutazama usoni mmoja mmoja. Mama Nishiwaki akamwonyesha kiti.

"Ni ile ile, shemeji. Iliharibika, akaipeleka kiwandani. Ndiyo ile miezi miwili."

"Iliharibikaje?"

Alinitazama mimi mara moja tu. Kwenye ripoti nilikuwa nimeandika kwamba sura ilibadilishwa na kiwanda, kwa sababu hilo lazima liandikwe. Nani aliyeitia maji si kazi yetu, na hakuna anayeliuliza.

"Saa huharibika," alisema.

Kenkichi aliiomba saa. Hakuitazama sura. Aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha ukucha chini ya pembe moja pale mkanda unapoanzia, mahali ambapo kwenye picha za mwanzo palikuwa pamefunikwa na ngozi ya mkanda. Pana alama hapo, kibonyeo kidogo cha zamani. Nilikuwa nimekiona.

"Niliiangusha stesheni nikija harusini," alisema polepole. "Sikumwambia mtu. Nikaisugua kwa kidole nikamwomba Mungu mdogo wangu asiione." Akaendelea kukisugua. "Ni yenyewe. Nimemsema mdogo wangu vibaya mbele ya watu, tena mbele ya picha yake."

"Utamwambia mwenyewe. Jumapili twende kaburini."

"Nitamwambia. Nitapeleka na sake."

"Sake ndiyo iliyotufikisha hapa. Peleka keki."

Tulizila takoyaki pale pale, wote wanne, na mzee akamwuliza Egawa kama ni yeye aliyetaka kuikataa saa kwa picha. Egawa akasema ndiyo, na kama angeletewa picha zile zile leo angesimama pale pale, ila asingeituma barua, angeiita saa. Mzee alisema hilo ni jibu la mwanaume, akampa vipande viwili vya ziada.

Wakati wa kuondoka Kenkichi alitangulia kuita lifti. Mama Nishiwaki alikuwa amejivika saa mkononi, imelegea, inazunguka kwenye kifundo. Alirudi hatua moja akanishika mkono. Alikuwa anacheka na macho yamejaa.

"Miezi yote ile miwili, bibi Hatanaka, alikuwa ananiuliza saa ngapi. Asubuhi, jioni, hata tukiwa njiani kwenda hospitali. Nami namjibu kwa hasira: wewe huna saa?"